Robo Moja Inatosha: Kupokea au Kukataa Mchemraba wa Bakgamoni

Katika bakgamoni, mchemraba wa kuzidisha humpa mchezaji haki ya kumtaka mpinzani wake achague: mchezo uendelee kwa dau maradufu, au uishe papo hapo. Anayeulizwa ana majibu mawili tu. Akipokea, mchezo unaendelea na dau linakuwa mara mbili. Akikataa, amepoteza mchezo kwa dau lililokuwepo kabla ya kuulizwa. Hawezi kuomba asubiri dado moja zaidi ndipo aamue. Kwa kuwa swali hili huja zaidi anapokuwa nyuma, wengi hujibu kwa hofu, na hofu hiyo huwagharimu pointi nyingi kuliko dado mbaya.

Bakgamoni ni mchezo wa kale katika jamii ya michezo ambayo Waarabu huiita tawla na Waajemi huiita nardi. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana kete 15, na ubao una pembe 24. Kila mchezaji huzungusha kete zake kwa kurusha dado mbili mpaka zifike nyumbani, yaani kwenye pembe zake 6 za mwisho, kisha huzitoa nje ya ubao. Anayemaliza kutoa zote kwanza ndiye mshindi. Mchemraba ni nyongeza ya karibuni: ulianza kutumika katika klabu za New York miaka ya 1920. Nyuso zake 6 zina tarakimu 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Hautupwi kama dado; kazi yake ni kuonyesha dau tu.

Mwanzoni mwa mchezo mchemraba hukaa katikati, na dau ni pointi 1. Mchezaji yeyote, ikifika zamu yake na kabla hajarusha dado, anaweza kuusogeza kwa mpinzani wake ukionyesha 2. Mpinzani akiupokea, mchemraba unakuwa mali yake. Kuanzia hapo yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuzidisha tena kwenda 4. Aliyezidisha kwanza hana tena haki hiyo mpaka mchemraba umrudie.

Kanuni ya kujibu ni fupi: mchemraba hupokewa ikiwa uwezekano wa kushinda ni robo moja au zaidi, na hukataliwa ikiwa ni chini ya hapo. Robo hiyo ni asilimia 25, au mchezo mmoja katika kila minne. Kwa masikio ya mgeni kanuni hii inashangaza, kwa sababu inamtaka mtu akubali dau kubwa katika mchezo ambao anatazamia kuupoteza mara tatu kati ya nne.

Maelezo yake yako kwenye hesabu ya michezo minne. Tuseme hali ileile ya ubao inajirudia mara nne, na dau ni pointi 1. Anayekataa kila mara hupoteza pointi 1 mara nne, jumla pointi 4. Anayepokea kila mara hucheza kwa pointi 2. Akishinda mmoja anapata 2, na akipoteza mitatu anatoa 6, hivyo jumla amepoteza pointi 4. Njia zote mbili zimemfikisha mahali pamoja. Akiwa na uwezekano uliozidi robo hata kidogo, kupokea kunapunguza hasara. Ukiwa chini ya robo, kukataa ndiko kunakopunguza.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Anayejibu hachagui kati ya faida na hasara. Pointi 1 imekwisha kuondoka mkononi mwake tangu mchemraba uliposogezwa, kwani hata akikataa ataitoa. Anachopima ni kama kucheza kutampotezea kidogo kuliko pointi hiyo. Mchezaji anayesema, "Siwezi kupokea kwa sababu niko nyuma," amejibu swali ambalo hakuulizwa. Kuwa nyuma hakutoshi kuwa sababu ya kukataa. Sababu ni kuwa nyuma kupita kiasi, na kipimo cha kiasi hicho ni robo.

Kanuni haibadiliki dau linapokua. Mchemraba ukitoka 4 kwenda 8, kukataa kunagharimu pointi 4, na kupokea kunamaanisha kushinda au kupoteza 8. Tarakimu zote zimepanda kwa kiwango kimoja, kwa hiyo robo inabaki robo. Mchezaji anayepokea kwa urahisi mchemraba wa 2 lakini anatishika mbele ya mchemraba wa 8 katika hali ileile ya ubao amekosea mara moja kati ya hizo mbili.

Hesabu hii huonekana wazi zaidi mwisho kabisa wa mchezo, pale kila tokeo la dado linapoweza kuhesabiwa. Dado mbili zina matokeo 36: dado ya kwanza ina nyuso 6 na ya pili 6, na 3 na 1 huhesabiwa mbali na 1 na 3. Chukua hali ambapo mzidishaji amebakiwa na kete mbili tu, zote kwenye pembe ya 2 ya nyumbani kwake. Mpinzani amebakiwa na kete moja, ambayo bila shaka ataitoa zamu yake ikifika. Mzidishaji ana mrusho mmoja tu wa kumaliza kazi, na kabla ya kurusha anasogeza mchemraba. Je, upokewe?

Ili kutoa kete zote mbili, mzidishaji anahitaji kila dado ionyeshe 2 au zaidi. Matokeo ya namna hiyo ni 5 mara 5, yaani 25. Kuna jingine moja la kuongeza: 1 na 1. Dado zinapofanana mchezaji husogeza mara nne badala ya mara mbili, na hatua nne za moja moja zinatosha kuzitoa kete zote mbili kutoka pembe ya 2. Matokeo mazuri yanakuwa 26. Yanayobaki ni 10, yote yakiwa na 1 upande mmoja na tarakimu nyingine upande wa pili. Kwa hiyo mwenye kujibu anashinda mara 10 katika 36, karibu asilimia 28. Hiyo imepita robo, ambayo katika 36 ni 9. Anatakiwa apokee.

Faida ya kupokea inaweza kuhesabiwa kamili. Katika michezo 36, anayekataa hupoteza pointi 36. Anayepokea hushinda 10 kwa pointi 2, akapata 20, na hupoteza 26 kwa pointi 2, akatoa 52. Amebaki na hasara ya 32. Bado amepoteza, lakini ameokoa pointi 4 ambazo mwoga angezitoa bure.

Sasa badilisha kidogo. Mzidishaji ana kete moja kwenye pembe ya 4 na nyingine kwenye pembe ya 1. Mpinzani yuko vilevile. Kwa kutazama tu, mzidishaji anaonekana yuko mbali zaidi na ushindi: anahitaji hatua 5 badala ya 4. Lakini dado zinasema kinyume. Dado yoyote yenye 4, 5 au 6 inaitoa kete ya mbali, na dado ya pili, hata ikiwa 1, inaitoa ile ya karibu. Matokeo yenye angalau dado moja ya 4 au zaidi ni 27. Ongeza 3 na 3, na 2 na 2, ambayo pia humaliza kazi. Jumla ni 29. Mwenye kujibu amebakiwa na matokeo 7 tu katika 36, asilimia 19 na kitu. Hayafiki 9. Akipokea kila mara katika michezo 36 atapata 14 na kutoa 58, hasara ya 44 badala ya 36. Hapa jibu sahihi ni kukataa.

Hali hizi mbili zikiwekwa pamoja zinafundisha jambo ambalo kanuni yenyewe haisemi: robo ni kipimo tu, na kazi ngumu ni kukadiria uwezekano wenyewe. Jicho linaweza kudanganya hata kete zinapobaki tatu tu ubaoni. Kwa hiyo mwenye kujibu hutafuta kitu cha kuhesabu kabla ya kusikiliza moyo wake.

Kete za pande zote mbili zinapokuwa zimekwisha kupishana, na hakuna tena anayeweza kumpiga mwenzake, mchezo umekuwa mbio. Kitu cha kuhesabu katika mbio ni hatua, yaani jumla ya pembe ambazo kete zote za mchezaji bado zinatakiwa kupita ili zitoke. Kete iliyo pembe ya 6 inahitaji hatua 6, mbili zilizo pembe ya 5 zinahitaji 10, na kuendelea. Katika mbio za urefu wa kawaida, wachezaji hutumia kipimo rahisi: mwenye kujibu anaweza kupokea ikiwa yuko nyuma kwa kiasi kisichozidi asilimia 12 ya hatua za mzidishaji. Mzidishaji akiwa na hatua 80, asilimia 12 ni hatua 9 na kitu. Mwenye kujibu akiwa na 88 au 89 apokee. Akiwa na 91 akatae. Kipimo hiki hakifai kete zinapobaki chache, kama ile mifano miwili ilivyoonyesha. Pia humdanganya mchezaji aliyerundika kete nyingi kwenye pembe ya 1, kwa sababu dado kubwa humpotelea: 6 inatumika kutoa kete iliyohitaji hatua moja tu.

Anayepima kwa makini ataona kwamba mwisho wa asilimia 12 katika mbio unalingana na uwezekano wa kama asilimia 22, si 25. Hilo si kosa. Linatokana na thamani ya kuumiliki mchemraba. Katika mifano ya mrusho mmoja mchemraba haukuwa na kazi zaidi baada ya kupokewa, kwa kuwa mrusho ule ulikata kila shauri. Mchezo unapokuwa bado mrefu, aliyepokea ana silaha mkononi: siku ikimgeukia, yeye ndiye atakayezidisha na kumlazimisha mwenzake akatae.

Wanahisabati Wamarekani Emmett Keeler na Joel Spencer waliichambua thamani hiyo katika makala yao ya mwaka 1975. Walichukua mchezo wa kufikirika ambao uwezekano wa kushinda hupanda na kushuka taratibu, bila kuruka. Wakapata kwamba katika mchezo huo mchemraba hupokewa hata kwa asilimia 20. Sababu inaeleweka bila fomula. Chukua michezo 100 ambayo mpokeaji anaianza akiwa na asilimia 20. Katika 25 kati ya hiyo, wakati fulani atapanda mpaka asilimia 80. Kama ingechezwa mpaka mwisho, angeshinda 20 na 5 ingemponyoka. Lakini kwa kuwa ana mchemraba, anapofika asilimia 80 anazidisha, mwenzake anakataa, na yote 25 inakuwa yake. Hivyo asilimia 20 ya dado imekuwa robo kamili ya michezo. Ile robo ya mwanzo haikuondoka. Mchemraba ndio uliomfikisha hapo.

Katika bakgamoni halisi dado huruka. Mrusho mmoja mzuri unaweza kumtoa mtu asilimia 40 hadi 95 kabla hajapata zamu ya kuzidisha, na silaha yake ikawa imechelewa. Ndiyo maana mpaka wa kupokea hukaa kati ya 20 na 25. Mchezo ukiwa mrefu na mwenye kujibu ana mahali pa kujirekebisha, asilimia 22 au 23 inaweza kutosha. Ukiwa umebaki mrusho mmoja au miwili, ashike 25 yenyewe.

Jambo la pili linalosogeza mpaka huo linaupandisha, na ndilo linalowaponza wengi. Mchezaji anayeshindwa kabla hajatoa hata kete moja hupoteza mara mbili ya dau. Ushindi huo huitwa gamoni. Mchemraba ukiwa kwenye 2, gamoni ni pointi 4. Kwa hiyo mwenye kujibu anayehesabu ushindi wake peke yake, bila kuhesabu namna atakavyopoteza, amehesabu nusu ya jambo.

Tuseme anakadiria kwamba katika michezo 100 atashinda 30, atapoteza 50 kwa njia ya kawaida, na 20 atapigwa gamoni. Ushindi 30 unamletea pointi 60. Michezo 50 inamtoa 100. Gamoni 20, kwa pointi 4 kila moja, zinamtoa 80. Jumla amepoteza 120, ilhali kukataa kungemgharimu 100 tu. Alikuwa na asilimia 30, juu ya robo kabisa, na bado kupokea ni kosa. Kwa gamoni 20 hizo angehitaji kushinda michezo 35 ili mizani isimame. Kutokana na hesabu hii hupatikana kanuni ndogo: chukua robo, kisha ongeza nusu ya asilimia ya gamoni anazotazamia kupigwa. Kama naye ana uwezekano wa kumpiga mwenzake gamoni, hizo zipunguzwe kwanza.

Hatari ya gamoni huonekana ubaoni. Kete mbili au zaidi za mwenye kujibu zikiwa zimekaa pamoja kwenye pembe moja ndani ya nyumba ya mpinzani, hizo ni ngome: haziwezi kupigwa, na zinampa mahali pa kuingilia tena akipigwa kwingine. Mwenye ngome hupigwa gamoni kwa nadra zaidi. Asiye na ngome, aliye na kete moja iliyopigwa na inayosubiri kuingia, nyingine imekaa peke yake nyumbani kwa adui, na mpinzani ameshafunga pembe 4 kati ya 6 za nyumba yake, yuko kwenye hatari kubwa. Hata kama bado ana dado za kumwokoa, asipime kwa robo tupu.

Jambo la tatu ni mashindano yanayochezwa mpaka idadi fulani ya pointi. Hesabu ya robo inachukulia kwamba kila pointi ina uzito sawa na nyingine, kama ilivyo katika mchezo wa dau ambao kila mchezo husimama peke yake. Mashindano yanapokaribia mwisho uzito huo hubadilika. Mfano mzuri ni pale wachezaji wote wawili wanapobakiwa na pointi 2 kushinda. Akikataa, mwenye kujibu anampa mwenzake pointi 1, na yeye mwenyewe anabaki na uwezekano wa zaidi kidogo ya asilimia 30 wa kushinda mashindano yote. Akipokea, mchezo huo wa pointi 2 unaamua kila kitu. Kwa hiyo kupokea kunataka uwezekano unaozidi hizo asilimia 30 na kitu, si 25. Mchezaji anayebeba robo yake kutoka mezani pa dau mpaka kwenye mchezo wa mwisho wa mashindano atapokea michemraba asiyostahili.

Mchezaji anayetaka kujua kama makadirio yake ni mazuri anaweza kujipima mwenyewe. Anaandika hali ya ubao iliyomsumbua, anaipanga upya nyumbani, na anaicheza mpaka mwisho mara 36 bila mchemraba, akiandika ushindi, hasara na gamoni. Akishinda mara 4 au 5, amejua kwamba alistahili kukataa. Akishinda mara 14 bila gamoni nyingi, amejua kwamba alistahili kupokea. Akishinda mara 8, 9 au 10, michezo 36 haitoshi kumpa jibu la uhakika, lakini imemfundisha jambo jingine la kweli: yuko karibu na mpaka, na karibu na mpaka kosa lolote kati ya majibu mawili ni dogo.

Kwa hiyo mbele ya mchemraba utaratibu ni mmoja. Kwanza kadiria ushindi, kwa kuhesabu dado au hatua panapohesabika. Pili tazama gamoni, na uongeze nusu yake juu ya robo. Tatu, mchezo ukiwa mrefu na gamoni chache, punguza asilimia mbili au tatu kwa ajili ya kuumiliki mchemraba. Nne, kama ni mashindano, tazama pointi zilizobaki. Uwezekano ukifika kiwango kilichopatikana, pokea, hata kama unatazamia kushindwa. Usipofika, toa pointi yako na upange kete kwa mchezo unaofuata.